Mzigo wa ushuru wa korosho ghafi humwangukia nani: mnunuzi au mkulima?

*Swali: Mimi ni mkulima wa korosho wilayani Newala. Kila msimu tunaambiwa kwenye mkutano wa chama cha msingi kwamba ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje analipa mnunuzi, wala haukatwi kwenye fedha yetu. Kweli kwenye karatasi ya malipo siuoni. Lakini mdogo wangu anayechimba dhahabu Geita ananicheka, anasema hakuna mnunuzi anayelipa ushuru kutoka mfukoni mwake. Nani mkweli kati yao?*

Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake. Viongozi wa chama chako wanaeleza nani anapeleka fedha kwa Mamlaka ya Mapato, na huyo bila shaka ni mnunuzi anayesafirisha mzigo. Mdogo wako anaeleza fedha hiyo inatoka katika fungu la nani. Kwa korosho ya Tanzania inayouzwa ghafi, jibu la swali hili la pili ni kwamba sehemu kubwa inatoka katika bei ya mkulima, na huioni kwenye karatasi ya malipo kwa sababu ilishaondolewa kabla mnunuzi hajaweka zabuni yake.

Sheria inasema kwamba korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa asilimia 15 ya thamani yake ikiwa imepakiwa melini, au dola 160 za Marekani kwa kila tani, chochote kilicho kikubwa zaidi. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko watu wengi wanavyodhani, nami nitayarudia baada ya kufanya hesabu.

Mnunuzi anayetaka kushiriki mnada haanzi kufikiri kutoka ghalani kwenu kwenda mbele. Anaanza kutoka Vietnam au India, ambako ndiko viwanda vingi vinavyobangua korosho yetu viliko, na kurudi nyuma. Kwanza anauliza kiwanda cha huko kitampa kiasi gani kwa tani moja ikifika bandarini kwao. Kisha anaondoa nauli ya meli na bima, anaondoa ushuru, anaondoa gharama za bandari, usafiri wa kutoka ghalani, magunia, riba ya benki na faida yake. Kinachobaki ndicho anachoweza kukiandika kwenye zabuni bila kupata hasara. Kwa hiyo bei ya mnada ni masalia ya hesabu hiyo, na kila kinachoongezwa kati ya ghala na kiwanda cha nje hupunguza masalia hayo.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano, ambazo nimezichagua ziwe rahisi kufuatwa na si bei ya msimu wowote maalumu. Kiwanda cha Vietnam kinatoa dola 1,470 kwa tani. Nauli ya meli na bima ni dola 70, kwa hiyo thamani ya mzigo ukiwa melini Mtwara ni dola 1,400. Asilimia 15 ya hiyo ni dola 210, nayo inazidi dola 160, kwa hiyo ndiyo inayotozwa. Zinabaki dola 1,190. Gharama za bandari, usafiri, riba na faida ya mnunuzi tuziweke dola 110. Zinabaki dola 1,080 kwa tani, na tukichukulia dola moja kuwa shilingi 2,500, mnunuzi huyu anaweza kuandika shilingi 2,700 kwa kilo. Hapo ndipo mwisho wake. Akipanda juu ya hapo anakula faida yake mwenyewe.

Sasa ondoa ushuru peke yake na uache mengine yote kama yalivyo. Dola 1,400 toa 110 zinabaki 1,290, ambazo ni shilingi 3,225 kwa kilo. Tofauti ni shilingi 525 kwa kila kilo. Mkulima mwenye kilo 1,500 ghalani ana shilingi 787,500 ambazo hazikuandikwa popote kwa jina lake.

Hapa kuna jambo linalowapotosha hata watu waliosoma. Ushuru unaitwa wa asilimia 15, lakini asilimia hiyo inahesabiwa kwa bei ya melini, si kwa bei yako. Shilingi 525 zikilinganishwa na 2,700 za mnada ni zaidi ya asilimia 19. Kisha kutoka kwenye 2,700 hukatwa michango ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafirishaji, kwa hiyo ukiupima ushuru dhidi ya fedha inayoingia kwenye akaunti yako, uwiano unapanda tena. Mtu anayekuambia kwamba ushuru ni asilimia 15 tu anasema kweli kuhusu meli.

Mnunuzi, kwa upande wake, anashindana na wenzake wanaofanya hesabu ileile na kutozwa ushuru uleule. Anayejaribu kuubeba mwenyewe anapata hasara, na anayejaribu kumwongezea mwenye kiwanda cha Vietnam anaambiwa kwamba korosho ya Kodivaa ipo kwa bei ya kawaida. Mwenye kiwanda hajali sheria ya Tanzania inasema nini. Analipa bei ya dunia kwa korosho ya ubora fulani. Ndiyo maana mzigo unateremka hadi kwa yule asiye na pa kuuhamishia. Mkorosho hauhami, nawe huwezi kusubiri miaka miwili hadi bei ipendeze.

Kuna jambo moja la kupunguza ukali wa hukumu hiyo, na ni haki kulitaja. Korosho ya kusini mwa Tanzania huvunwa kuanzia Oktoba, wakati ambapo mavuno ya Afrika Magharibi, yanayoingia sokoni katika miezi ya mwanzo ya mwaka, yamekwisha au yamechakaa ghalani. Viwanda vya India na Vietnam vinahitaji korosho mpya katika miezi hiyo, na korosho yetu ina sifa nzuri ya kutoa kokwa nyingi. Kwa hiyo katika msimu ambao viwanda vya nje vina njaa ya mali, sehemu fulani ya ushuru inaweza kubebwa na mnunuzi wa nje kwa njia ya bei ya melini iliyo juu kidogo. Unaweza kulitambua hilo kwa kulinganisha bei ya melini ya Mtwara na bei ya korosho ya nchi nyingine iliyo na kiwango kilekile cha kokwa. Biashara hii hupima kiwango hicho kwa ratili za kokwa zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Kama bei yetu imezidi kwa ubora ule ule na wakati ule ule, hapo mgeni amechangia. Kama imelingana, ushuru wote umetoka nyumbani. Binafsi naamini kwamba katika misimu mingi mchango wa mgeni ni mdogo, kwa sababu dirisha hilo la wakati ni fupi na mwenye kiwanda anaweza kupunguza uzalishaji kwa wiki chache akisubiri.

Sasa turudi kwenye zile dola 160. Kiwango hicho cha chini hakina kazi bei ya melini ikiwa juu ya takriban dola 1,067 kwa tani, kwa sababu asilimia 15 ya hiyo tayari inafika 160. Bei ikishuka chini ya hapo, ushuru unakoma kushuka pamoja nayo. Chukua msimu mbaya ambapo bei ya melini ni dola 800. Asilimia 15 ingekuwa dola 120, lakini sheria inadai 160, ambazo ni asilimia 20 ya thamani ya mzigo. Toa 160, toa zile 110 za gharama, zinabaki dola 530, yaani shilingi 1,325 kwa kilo. Bila ushuru bei ingekuwa shilingi 1,725. Shilingi 400 zimeondoka katika bei ya 1,325, na hiyo ni kama asilimia 30 ya unachopata.

Angalia pia mwendo wa bei yenyewe. Kutoka dola 1,400 hadi 800, bei ya dunia katika mfano wetu imeshuka kwa asilimia 43. Bei ya mnada imeshuka kutoka 2,700 hadi 1,325, yaani kwa asilimia 51. Sababu ni kwamba gharama za njiani hazishuki, na ushuru nao umegoma kushuka. Hazina imekingwa na msukosuko wa bei, na kinga hiyo imelipiwa na mkulima katika mwaka ambao hawezi kulipa. Kama ningeulizwa kipengele kimoja cha kubadilishwa, ningeanza na hiki kabla ya kugusa asilimia 15 yenyewe.

Wakulima wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa msukosuko wa bei ulivyo. Msimu wa 2017/18 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Msimu uliofuata bei ya dunia ilishuka, barua zikafunguliwa zikiwa na bei za chini ya shilingi 3,000, wakulima wakazikataa, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300. Wanunuzi walilaumiwa sana wakati ule, na huenda baadhi walistahili lawama. Lakini katika kelele zile ni wachache waliokumbuka kwamba ndani ya kila zabuni iliyokataliwa kulikuwa na ushuru ambao Serikali ingeweza kuuachia kwa muda, ukapandisha bei bila kuhitaji kugusa korosho hata gunia moja.

Mwaka huo huo wa 2018 ndipo ulipotokea ubishi mwingine unaohusu swali lako moja kwa moja, nao ni wa fedha ya ushuru ikishakusanywa inakwenda wapi. Hadi wakati huo asilimia 65 ya makusanyo ilikuwa irudi katika tasnia ya korosho kwa ajili ya pembejeo, utafiti, miche na kuendeleza ubanguaji, na asilimia 35 ibaki Hazina. Mabadiliko ya sheria ya Juni 2018 yaliielekeza fedha yote Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa mikoa ya kusini walipinga kwa nguvu. Kwa mkulima tofauti ni kubwa. Shilingi 525 zinazokatwa katika bei na kurudi kama salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga ni kama akiba ya lazima, hata kama mkulima angependelea kununua salfa mwenyewe. Zisiporudi ni kodi kamili ya zao moja katika mikoa michache. Basi usiishie kuuliza kiwango cha ushuru tu. Uliza pia ni kiasi gani kinarudi, na kama kinafika kabla ya maua ya mikorosho kuanza kutoka, kwa sababu salfa inayofika baada ya ubwiriunga kushika haikurudishii kitu.

Utetezi mkubwa wa ushuru huu, hata hivyo, haukuwa mapato. Ulikuwa ni kulazimisha korosho ibanguliwe hapa nchini. Mantiki yake ni hii: kiwanda cha hapa hakilipi ushuru kwa sababu hakisafirishi ghafi, na kwa kuwa mshindani wake msafirishaji hawezi kuandika zaidi ya 2,700, nacho kinaweza kushinda mnada kwa 2,700 na shilingi kumi. Katika mfano wetu kimepata malighafi kwa shilingi 525 chini ya thamani yake. Kwa kuwa kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kama kilo moja ya kokwa, nafuu hiyo ni zaidi ya shilingi 2,000 kwa kila kilo ya kokwa.

Lakini tazama nani ametoa nafuu hiyo. Korosho yako ikinunuliwa na kiwanda cha nchini, Hazina haipati hata senti ya ushuru, nawe bado umelipwa 2,700 badala ya 3,225. Bei yako imeshuka vilevile. Fedha imekwenda kwa mwenye kiwanda badala ya kwenda serikalini. Hili ndilo jambo ambalo hata maofisa wengine hulisahau wanaposema kwamba korosho iliyobanguliwa nchini haina ushuru. Ina ushuru, isipokuwa mkusanyaji wake ni mwingine.

Kama viwanda vingestawi, mtu angeweza kusema kwamba ajira za akina mama wa Mtwara na Masasi wanaobangua na kumenya ni malipo yanayostahili. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya korosho yetu imeendelea kuondoka ghafi pamoja na ushuru kuwapo kwa miaka mingi. Vikwazo vya kiwanda haviko kwenye bei ya malighafi peke yake. Minada hufanyika katika wiki chache, na kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima kinatakiwa kununua mzigo wa mwaka mzima katika wiki hizo, kwa fedha taslimu, kwa riba ya benki za hapa. Msafirishaji ananunua, anasafirisha, analipwa, anazungusha tena mtaji. Shilingi 525 za nafuu zinaweza kumezwa zote na riba na umeme kabla kokwa ya kwanza haijafungwa kwenye boksi.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma walipitia jaribio la kinyume. Katika miaka ya 1990 Msumbiji, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa korosho ghafi kutoka viwango vya juu sana hadi asilimia 14, kwa ahadi kwamba bei ya mkulima ingepanda. Wachumi waliopima matokeo baadaye walikuta kwamba nyongeza kwa kaya ya wastani inayolima korosho haikuzidi dola 5.30 kwa mwaka. Viwanda vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi, na mwaka 1999 sheria ikaurudisha ushuru hadi kati ya asilimia 18 na 22.

Wapo wanaoutumia mfano huu kudai kwamba ushuru haumgusi mkulima. Hilo ni kosa. Msumbiji mkulima alikuwa akiuza nyumbani kwake kwa mchuuzi mmoja au wawili waliofika kijijini, wala hakujua bei ya bandarini. Ushuru ulipopungua, nafasi iliyofunguka katikati ilijazwa na wachuuzi na wasafirishaji. Bei hupanda kwa mkulima pale tu wanunuzi wanaposhindana mbele yake. Kwetu stakabadhi ghalani na minada ya wazi huleta ushindani huo, mradi wanunuzi wawe wengi na wasiwe wamekubaliana pembeni. Lakini kwa kilo unazomuuzia kangomba, yule mchuuzi anayenunua kijijini nje ya mnada, kwa kisado mwezi Septemba kwa sababu ya ada ya shule, wewe uko katika hali ile ile ya Msumbiji: ushuru ukipanda atakushushia bei, ukishuka hatakwambia.

Nikija kwa mdogo wako wa Geita, yeye hatozwi ushuru wa namna hii. Anatozwa mrabaha wa asilimia 6 wa thamani ghafi ya dhahabu na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, lakini mwendo wa mzigo ni ule ule, tena ulio wazi zaidi. Bei ya dhahabu inajulikana saa hiyo hiyo duniani kote, na hakuna anayelipa zaidi eti kwa sababu imetoka Geita, kwa hiyo hakuna sehemu inayoweza kusukumwa kwa mgeni. Kingine ni kwamba mrabaha unakatwa kwenye thamani ya mauzo kabla ya kuangalia gharama. Mchimbaji aliyetumia shilingi 90 kupata dhahabu ya shilingi 100 anaondolewa 7, na faida yake ya 10 inabaki 3.

Tofauti kubwa kati yenu ni kwamba dhahabu inatoshea mfukoni. Makato yanapozidi gharama na hatari ya kuvusha mpaka, dhahabu huvuka, na serikali inakosa yote. Tanzania ililitambua hilo mwaka 2019 ilipowaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na kufungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita. Makato yalipungua, na dhahabu nyingi zaidi ikaanza kupitia sokoni. Mdogo wako alipata nafuu kwa sababu bidhaa yake ina uwezo wa kukimbia. Gunia la korosho lenye kilo 80 halina uwezo huo, ingawa korosho nayo huvuka Ruvuma kwa usiku pale bei ya upande mmoja inapoachana mno na ya upande wa pili.

Katika mkutano ujao wa chama, usiishie kuuliza kama ushuru unakatwa kwenye malipo yenu, jibu mnalijua. Ombeni mambo matatu kutoka chama kikuu: bei ya melini iliyotumika kukadiria ushuru wa mizigo ya ghala lenu, kiwango cha fedha za kigeni cha siku ya mnada, na kiwango cha kokwa cha mzigo wenu. Kutoka bei ya melini toeni ushuru, badilisheni kinachobaki kuwa shilingi, kisha mlinganishe na bei ya mnada. Pengo linalobaki ni gharama na faida ya mnunuzi. Likiwa sawa na dola 100 au 120 kwa tani kama la mfano wangu, tatizo lenu kubwa ni ushuru na inafaa mzungumze na mbunge wenu. Likiwa dola 300, kufutwa kwa ushuru hakutawasaidia sana, kwa sababu hao wanunuzi wanaopata pengo hilo leo watalipanua kesho kwa fedha ile ile itakayofutwa.